Kukokotoa integrali ya |sin x| kwa kutumia kipindi chake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika swali la integrali, kinachowasumbua zaidi wanafunzi wa tahasusi ya PCM ninaowafundisha hapa Dodoma si fomula ndefu, bali ni swali fupi la aina hii: tafuta integrali ya |sin x| kuanzia x = 2 hadi x = 20. Mwanafunzi anakumbuka kwamba integrali ya sin x ni −cos x, anaviona vijiti viwili vya thamani kamili, na papo hapo anaandika −|cos x|, anaweka mipaka, na kupata takriban 0.008. Jibu hilo haliwezekani hata kabla ya kukagua hesabu, kwa sababu grafu ya |sin x| kati ya 2 na 20 ina matao matano na zaidi, yote yakiwa juu ya mhimili, na kila tao moja lina eneo kubwa mara mia nyingi kuliko hilo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulifanya swali hilo kwa kutumia tabia ya kujirudia ya fanksheni, na namna ya kujua kama jibu ulilopata linaaminika.

Ili tusichoke na alama, nitaandika ∫[a; b] f(x) dx kwa maana ya integrali ya f kuanzia mpaka wa chini a hadi mpaka wa juu b. Pembe zote zimo katika radiani, kwa hiyo weka kikokotoo chako kwenye RAD kabla ya kuanza. Kikiwa kwenye DEG kitakupa cos 20 ≈ 0.940 badala ya 0.408, na kila kitakachofuata kitaharibika bila wewe kuona dalili yoyote.

Hatua ya kwanza: tambua kipindi

Fanksheni f ina kipindi T ikiwa f(x + T) = f(x) kwa kila x. Fanksheni ya sin x ina kipindi 2π, lakini |sin x| inajirudia mapema zaidi. Tunajua kwamba sin(x + π) = −sin x, na thamani kamili haijali alama ya kutoa, kwa hiyo |sin(x + π)| = |sin x|. Kipindi cha |sin x| ni π.

Mtu akitumia 2π hatakuwa amekosea, kwa kuwa kila kinachojirudia baada ya π hujirudia pia baada ya 2π. Ila atabaki na kipande kirefu zaidi mwishoni, chenye uwezekano wa kuvuka sehemu kadhaa ambazo saini inabadili alama, na huko ndiko makosa yanakozaliwa. Tumia kipindi kifupi kuliko vyote.

Hatua ya pili: elewa kwa nini mahali pa kuanzia hapana athari

Kanuni tunayoitegemea inasema kwamba, kwa fanksheni yenye kipindi T, integrali juu ya kipindi kimoja kizima ni ileile popote unapoanzia:

∫[a; a + T] f(x) dx = ∫[0; T] f(x) dx

Wanafunzi wengi huikariri na kuendelea. Mimi napendelea wakae nayo kidogo, kwa sababu uthibitisho wake ndio huohuo utakaotumika baadaye kuhamisha kipande kinachobaki. Chukua |sin x| na a = 2. Kipindi kizima kinachoanzia 2 kinaishia 2 + π, yaani karibu na 5.14. Ndani yake kuna nukta π, ambapo tao la kwanza linaisha na la pili linaanza. Kata hapo. Unapata kipande cha kwanza kutoka 2 hadi π, na cha pili kutoka π hadi 2 + π.

Sasa kirudishe kile cha pili nyuma kwa umbali wa π. Kwa kuwa f(x − π) = f(x), urefu wa grafu katika kila nukta haubadiliki, na eneo lake pia halibadiliki. Kipande hicho kinatua kati ya 0 na 2. Kile cha kwanza, ambacho hatukukigusa, kiko kati ya 2 na π. Vikiunganishwa vinajaza nafasi kutoka 0 hadi π bila pengo na bila kupandana. Ni kama kukata kitenge chenye ua linalojirudia: ukikata urefu wa ua moja, hata ukianzia katikati ya petali, kilichomo ndani ya kipande chako ni ua moja zima, ijapokuwa limegawanyika kwenye ncha mbili.

Hoja hiyo haidai kwamba fanksheni iwe na derivati, wala kwamba isikatike popote. Inatosha iwe inaweza kuintegriwa. Kuna uthibitisho mwingine mfupi, ambao huchukua derivati ya ∫[a; a + T] f(x) dx kwa kigezo a na kupata f(a + T) − f(a) = 0, lakini huo unahitaji f isiyokatika. Kwa |sin x| njia zote mbili zinafaa, kwa kuwa ncha kali zilizopo kwenye grafu yake ni mahali pasipo na derivati lakini grafu yenyewe haikatiki.

Kanuni ikishakubalika kwa kipindi kimoja, inakubalika kwa vipindi n vilivyofuatana: integrali ya vipindi n ni n mara integrali ya kimoja. Hapa n lazima iwe namba kamili. Huwezi kuandika kwamba vipindi 5.73 vina eneo la 5.73 mara eneo la kimoja, kwa sababu eneo halijagawanyika sawasawa ndani ya kipindi: liko kwa wingi chini ya kilele na ni haba karibu na ncha.

Hatua ya tatu: pata eneo la tao moja

Kati ya 0 na π saini haishuki chini ya sifuri, kwa hiyo vijiti vya thamani kamili vinaweza kuondolewa kihalali:

∫[0; π] |sin x| dx = ∫[0; π] sin x dx = −cos π + cos 0 = 1 + 1 = 2

Kila tao lina eneo la 2 kamili. Ikiwa swali lina |sin kx|, ambapo k ni chanya, kipindi ni π/k na eneo la tao moja ni 2/k. Matao yanakuwa membamba, lakini urefu wa kilele unabaki 1.

Hatua ya nne: hesabu vipindi vizima na utenge salio

Rudi kwenye swali letu. Umbali kutoka 2 hadi 20 ni 18. Ukigawanya kwa π unapata karibu 5.73, kwa hiyo kuna vipindi vitano vizima, na salio lina urefu wa 18 − 5π ≈ 2.292. Vipindi vitano vina eneo la 5 × 2 = 10, na kutokana na kanuni ya hatua ya pili hatuhitaji kujali kwamba tumeanzia 2 badala ya 0.

Salio liko mwishoni, kutoka 2 + 5π hadi 20. Lirudishe nyuma kwa 5π, nalo linakuwa kati ya 2 na 20 − 5π ≈ 4.292. Kwa hiyo:

∫[2; 20] |sin x| dx = 10 + ∫[2; 4.292] |sin x| dx

Angalia kwamba salio lililohamishwa linaanzia 2, si 0. Nimeona daftari nyingi ambamo mwanafunzi amehesabu vipindi vizuri kabisa, kisha akachukua salio kuwa ∫[0; 2.292] |sin x| dx. Urefu ni sahihi lakini mahali si penyewe. Uhuru wa kuanzia popote ni wa kipindi kizima peke yake. Salio halina uhuru huo.

Hatua ya tano: lipasue salio pale alama inapobadilika

Kati ya 2 na 4.292 kuna nukta π ≈ 3.142, ambapo saini inatoka kuwa chanya na kuwa hasi. Lazima tukate hapo. Upande wa kushoto |sin x| ni sin x, na upande wa kulia ni −sin x.

∫[2; π] sin x dx = −cos π + cos 2 = 1 − 0.416 = 0.584

∫[π; 4.292] (−sin x) dx = cos 4.292 − cos π = −0.408 + 1 = 0.592

Jumla ya salio ni 1.176, na jibu la swali zima ni takriban 11.176. Ukitaka lililo kamili, kumbuka kwamba cos(20 − 5π) = −cos 20, na utapata 12 + cos 2 − cos 20.

Asiyekata kwenye π ataandika cos 2 − cos 4.292 ≈ −0.008 kwa salio, na jumla yake itakuwa 9.992. Hatari ya jibu hili ni kwamba halionekani baya. Liko karibu na 10, ni chanya, na mtu aliyechoka mwishoni mwa mtihani ataliacha lipite, ingawa anayeangalia kwa makini angeshangaa kuona salio la fanksheni isiyoshuka chini ya sifuri likipunguza jumla badala ya kuiongeza.

Hatua ya sita: kagua kwa wastani

Eneo la tao moja ni 2 na upana wake ni π, kwa hiyo wastani wa |sin x| ni 2/π, yaani karibu 0.637. Makadirio ya haraka ya integrali yoyote ya |sin x| ni urefu wa nafasi ukizidishwa kwa namba hiyo. Kwetu sisi, 18 × 0.637 inatoa karibu 11.46.

Makadirio hayo yana kikomo cha kosa kinachoweza kuthibitishwa. Vipindi vizima havileti kosa lolote, kwa sababu kwao wastani unatoa eneo kamili. Kosa lote linatoka kwenye salio. Salio lenye urefu r linabeba eneo kubwa kuliko yote likiwa limewekwa katikati ya tao, kilele kikiwa katikati yake, na hapo eneo ni 2 sin(r/2), ilhali makadirio yanasema 2r/π. Tofauti ya hizo mbili inafikia upeo pale cos(r/2) = 2/π, na upeo huo ni karibu 0.421. Upande wa pili, ambapo salio limekaa kwenye bonde kati ya matao mawili, unatoa kiasi hichohicho kwa alama ya kutoa, kwa kuwa bonde na sehemu ya kilele iliyobaki vinakamilisha kipindi kimoja.

Hivyo basi, popote unapoanzia na popote unapoishia, integrali ya |sin x| haiwezi kuachana na makadirio kwa zaidi ya 0.43. Jibu letu la 11.176 linatofautiana nayo kwa 0.28 hivi, na linapita. Jibu la 9.992 linatofautiana kwa karibu 1.47, na linaanguka. Ukaguzi huu hauwezi kukuthibitishia kwamba uko sahihi, lakini kosa la kusahau kupasua salio na kosa la kuhesabu kipindi kimoja zaidi au pungufu huwa unayanasa mara nyingi. Kosa dogo la kubadilisha mahali pa salio linaweza kupita, kwa hiyo hilo likague kwa kuchora.

Kwa nini −|cos x| haiwezi kufanya kazi

Hapa pana jambo ambalo naona linafaa kuelezwa taratibu. Tunatafuta fanksheni F ambayo derivati yake ni |sin x|. Kwa kuwa |sin x| haiwi hasi, F haina ruhusa ya kushuka hata mahali pamoja, na kila inapopita kipindi kimoja lazima iwe imepanda kwa 2. Baada ya matao kumi iko juu kwa 20. Fanksheni −|cos x| haitoki kati ya −1 na 0, kwa hiyo haiwezi kuwa F.

Jambo hili ni la jumla. Integrali ya fanksheni yenye kipindi inarudi pale ilipoanza baada ya kipindi kimoja ikiwa tu eneo la kipindi hicho ni sifuri, kama ilivyo kwa sin x juu ya 2π. Eneo lisipokuwa sifuri, F inapanda au inashuka daima huku ikiyumba kidogo kuzunguka mstari mnyoofu.

Baadhi ya programu za hesabu hutoa jibu la aina ya −cos x ikizidishwa kwa alama ya sin x. Jibu hilo ni sahihi ndani ya kila tao, lakini linapofika kwenye mwisho wa tao linaanguka ghafla kutoka 1 hadi −1. Ukiweka mipaka 2 na 20 moja kwa moja, unapata −0.408 − 0.416 = −0.824, eneo hasi la fanksheni isiyo hasi. Dawa yake ni kurudisha kila anguko: kati ya 2 na 20 kuna nukta sita ambapo saini ni sifuri, kuanzia π hadi 6π ≈ 18.85, na kila moja imetunyang'anya 2. Ongeza 12 na unapata 11.176, jibu lilelile kwa njia nyingine. Kwa mtu mwepesi wa kuhesabu sifuri, njia hii ni fupi kuliko ile ya vipindi, na ni ukaguzi imara kuliko ule wa wastani.

Namba ileile kwenye umeme wa nyumbani

Umeme wa majumbani nchini una volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Zile 230 ni thamani inayotokana na wastani wa mraba wa volti, na kilele chenyewe ni 230 × √2, karibu volti 325. Ukiupitisha kwenye rektifaya ya diodi nne, sehemu hasi za wimbi zinageuzwa kuwa chanya, na kinachotoka, ukipuuza volti chache zinazopotea ndani ya diodi, ni 325 |sin 100πt|. Hapa k = 100π, kwa hiyo kipindi ni sekunde 0.01, nusu ya kipindi cha wimbi la asili, na wastani ni 325 × 2/π, karibu volti 207. Wastani huo hautegemei umeanza kupima katika sehemu gani ya wimbi, mradi umepima vipindi vizima, na hiyo ni kanuni ya hatua ya pili ikifanya kazi.

Mita nyingi za bei nafuu hupima wastani huo wa wimbi lililogeuzwa, kisha huuzidisha kwa π/(2√2), karibu 1.11, ili kioo kionyeshe 230. Kizidisho hicho ni halali kwa wimbi la saini pekee. Fundi wa sola kule Chamwino au Mpwapwa akipima kwa mita hiyo inveta yenye wimbi la mraba kamili, mita itasoma asilimia 11 zaidi ya thamani halisi, na inveta itakuwa haina kosa lolote.

Pale kipindi kinaposaidia nusu tu

Fanksheni ya x|sin x| haina kipindi, kwa sababu kila tao ni refu kuliko lililotangulia, na mtu akiandika kwamba integrali yake ni n mara ya tao la kwanza atakuwa amekosea. Hata hivyo uhamishaji bado una faida. Chukua tao linaloanzia mπ, ambapo m ni namba kamili, na uandike x = t + mπ. Sehemu ya |sin x| inabaki sin t, na x pekee ndiyo inayobeba nyongeza:

∫[mπ; (m + 1)π] x|sin x| dx = ∫[0; π] t sin t dt + mπ ∫[0; π] sin t dt = π + 2mπ

Integrali ya t sin t hapo ni π, inayopatikana kwa kuintegri kwa sehemu. Matao yanayofuatana yana maeneo π, 3π, 5π na kuendelea, na jumla ya namba witiri n za kwanza ni n². Kwa hiyo ∫[0; nπ] x|sin x| dx = n²π. Fanksheni kama |sin(x²)| hainufaiki hata kwa kiasi hicho, kwa kuwa matao yake yanazidi kuwa membamba kadiri x inavyokua, na hakuna umbali mmoja unaoweza kulihamisha tao moja likalala juu ya jingine.